Fremu Mbili za Kufunga Mdomo

Mhusika wa katuni anapozungumza kwenye runinga, tayari kuna mtu aliyeamua kwamba midomo yake itafungwa kwenye fremu ya 43 na kufunguka kwenye fremu ya 45. Uamuzi huo huandikwa kwenye karatasi ndefu yenye mistari na safu nyingi, ambayo watu wa studio huiita eksi-shiti. Kwa macho ya mgeni inafanana na daftari la mhasibu, lakini kinachohesabiwa humo ni muda.

Kuisoma si kazi ngumu ukishajua kwamba mstari mmoja ni fremu moja, yaani picha moja tuli miongoni mwa zile zinazopita mbele ya macho yetu kwa kasi. Filamu hupita kwa fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo mistari 24 ni sekunde moja, na wakati hutembea kutoka juu ya karatasi kwenda chini. Safu ya kwanza huwa ya matendo: mwongozaji huandika humo kwa maneno ya kawaida kwamba mtoto anainua kichwa au anageuka mlangoni. Safu inayofuata ni ya maneno yanayosemwa. Kisha zinakuja safu za michoro yenyewe, kila tabaka na safu yake: mandhari ya nyuma, mwili, kichwa, mdomo. Safu ya mwisho ni ya kamera. Mchoro ukianza kuonekana, namba yake huandikwa kwenye mstari wa fremu yake ya kwanza, na alama ya wima huteremshwa kuonyesha kwamba bado uko palepale mpaka namba nyingine itakapoandikwa.

Katuni nyingi hazichorwi upya kwa kila fremu. Kila mchoro hukaa kwa fremu mbili, na kwa hiyo sekunde moja hutumia michoro 12. Jicho halilalamiki, na kazi inapungua nusu. Ila kwenye mdomo utaratibu huo una mtego, na tutaukuta mbele.

Tuchukue sentensi moja. Mjukuu anachungulia dirishani, anageuka na kusema kwa furaha: "Bibi, mvua imefika!" Sauti imekwisha kurekodiwa. Hilo ni la lazima kwa njia hii, kwa sababu karatasi haiwezi kugawa muda wa sauti ambayo haipo. Zipo njia nyingine. Katika miaka ya 1930, studio ya Fleischer ilikuwa ikirekodi sauti za Popeye baada ya michoro kukamilika, na ndiyo maana baharia yule alinung'unika maneno mengi huku midomo yake ikiwa haina habari. Huko Japani hadi leo ni kawaida sauti kuja baadaye, na mdomo hupewa hali tatu tu: wazi, nusu na kufungwa. Sisi tunashughulika na mdomo unaoifuata sauti.

Kazi ya kwanza ni kuisikiliza sentensi polepole na kuandika kila sauti kwenye fremu inapoanzia. Zamani sauti ilihamishiwa kwenye utepe wa sumaku wenye matundu kama ya filamu, na msikilizaji akauvuta kwa mkono mbele na nyuma juu ya kisomeo mpaka akaipata "b" ilipopasuka, kisha akatia alama kwa kalamu. Leo programu kama Toon Boom Harmony na OpenToonz huonyesha mawimbi ya sauti kando ya mistari ya `Xsheet`, na sikio linapata msaidizi. Kabla ya "b" au "k" kupasuka, wimbi hunywea kabisa kwa kitambo kidogo. Irabu huvimba. Hata hivyo mawimbi hayakuambii kila kitu: "m" na "n" hufanana mno machoni, na hapo ni sikio linaloamua.

Baada ya kusikiliza, safu yetu ya maneno inasomeka hivi. Fremu 8 za kwanza ni kimya. "Bibi" inaanza fremu ya 9 na kuisha ya 20, yaani nusu sekunde kamili. Koma inachukua fremu 8, theluthi ya sekunde, mtoto akivuta pumzi. "Mvua" inaanza ya 29: irabu "u" inasikika kuanzia 33 na "a" kuanzia 38. "Imefika" inaanza ya 42. Sauti "m" yake iko fremu ya 44 peke yake, "e" inaanza ya 45, "f" ya 49, "i" yenye mkazo ya 52, "k" ya 58, na "a" ya mwisho inaanza ya 60 hadi 66 sauti inapokatika.

Sasa tunaihamia safu ya mdomo, na hapa ndipo wanaoanza wengi hupotea. Wanaona herufi 15 na wanataka midomo 15. Mdomo wa mtu hauendi hivyo. Mwambie mtu aseme sentensi hii huku ukimtazama bila kumsikiliza, utaona kwamba baadhi ya sauti zinaonekana na nyingine zinapita ndani ya kinywa bila kugusa midomo. Kwa sentensi yetu tunahitaji midomo sita tu. Wa kwanza umefungwa, kwa ajili ya "b" na "m". Wa pili umetanuka na meno yanaonekana, kwa "i". Wa tatu uko wazi kiasi, kwa "e". Wa nne umeachama, kwa "a". Wa tano umeduara na kuchongoka, kwa "u". Wa sita una mdomo wa chini uliobanwa na meno ya juu, kwa "f" na "v". Sentensi nyingine ingedai na "o", na pengine ulimi ulioinuka kwa "l".

Kufungwa kwa midomo ndiyo sehemu isiyosamehewa. Mtazamaji anaweza kuachiwa "e" iliyokaribia "i" asitambue, lakini "b" iliyosemwa na mdomo ulio wazi humchoma papo hapo hata kama hajui kwa nini. Kwa hiyo mdomo uliofungwa hupewa fremu mbili angalau. Fremu moja ni sehemu ya 24 ya sekunde, na jicho huikosa.

Tazama basi "m" ya "imefika", yenye fremu moja tu katika sauti, ya 44. Tukiandika mdomo wa kwanza kwenye 44 peke yake, hautaonekana. Na ikiwa tunabadilisha michoro kwa fremu mbili-mbili, yaani kwenye 41, 43, 45 na kuendelea, fremu ya 44 haina hata nafasi yake ya kubadilisha mchoro, na mdomo uliofungwa unaweza kuachwa kabisa. Huo ndio mtego niliousema. Dawa ni kuiba muda kwa jirani aliyetangulia. Mdomo unafungwa mapema kwenye 43 na kubaki hadi 44, na "i" iliyokuwa na 42 na 43 inasogezwa nyuma iwe na 41 na 42. Irabu ya "a" iliyotangulia inapoteza fremu yake ya mwisho, na hakuna atakayeidai. Tunaiba kwa aliyetangulia, kamwe si kwa anayefuata, kwa sababu mdomo unaoitangulia sauti kidogo hukubalika, na unaochelewa hukataliwa. Katika maisha tunauona mkono ukipiga ngoma mbali kabla ya kusikia mlio wake, hatujawahi kusikia kwanza ndipo tuone. Ubongo umezoea mpangilio huo.

Kwa kanuni hiyo hiyo "a" ya "mvua" inapata mdomo wake kwenye 37 ingawa inasikika 38, "i" yenye mkazo kwenye 51, na "a" ya mwisho kwenye 59. Mdomo wa "k" hauchorwi. Sauti hiyo hutokea nyuma ya ulimi, midomo haina kazi, kwa hiyo mdomo wa "i" unakaa tu mpaka "a" iufungue.

Mwanzo wa "mvua" unahitaji uamuzi wa pekee. Ukifuata herufi utafunga midomo kwa "m", fremu 29 na 30, kisha utabana mdomo wa chini kwa "v", 31 na 32. Ukitazama matokeo, kinywa kinatetemeka kama chenye hitilafu. Tamka neno hilo mbele ya kioo: midomo haifungi. Meno yanashika mdomo wa chini tangu "m" inapoanza. Kwa hiyo mdomo wa sita unapewa fremu zote nne, 29 hadi 32, na neno linatulia. Chati za midomo zinazouzwa na kunakiliwa kutoka nje zimetengenezwa kwa Kiingereza, hazitakuambia jambo hili, na mimi nasisitiza kwamba anayejaza karatasi ya Kiswahili awe na kioo mezani kabla ya kuwa na chati.

Kiswahili kina hali nyingine inayogusa karatasi. Maneno yetu mengi huishia kwa irabu, kwa hiyo sentensi humwacha mhusika kinywa wazi. Ukikifunga ghafla kwenye fremu ya 67, anaonekana kama aliyezibwa. Tunakishusha kwa hatua: mdomo wa nne hadi 64, wa tatu 65 na 66, kisha mdomo ulio nusu, na kufungwa kabisa kwenye 71.

Mdomo peke yake haubebi mkazo. Nguvu ya sentensi iko kwenye "fi", na kichwa ndicho kinachoitangaza. Katika safu ya matendo tunaandika kwamba kichwa kinashuka kwenye 43, wakati ule ule midomo ilipofungwa, na kinafika juu kwenye 48, fremu 4 kabla ya irabu kusikika. Kikifika pamoja na irabu, kitaonekana kimechelewa.

Kosa likitokea, chanzo hutafutwa kwa mpangilio. Kama mwanzo wa kipande unaafikiana na mwisho umeachana, kagua kasi kabla ya kugusa mdomo wowote. Runinga za kwetu zilirithi mfumo wa fremu 25 kwa sekunde. Karatasi iliyojazwa kwa 24 ikichezwa kwa 25, sauti ikiachwa ilivyo, baada ya michoro ya sekunde 10 picha itakuwa imeitangulia sauti kwa sehemu 4 za kumi za sekunde. Kama kasoro ni ile ile mwanzo hadi mwisho, sogeza safu nzima ya mdomo fremu moja au mbili juu, uiache sauti mahali pake. Na kama kinywa kinapepesuka bila kupumzika, futa midomo, usiongeze.

Kisha mwongozaji anarudi na kusema pumzi ya mtoto baada ya "Bibi" ni fupi mno, iongezwe fremu 6. Hakuna mchoro unaochorwa upya kwa ajili hiyo. Mistari 6 inaingizwa baada ya 28, "mvua" inahamia 35, midomo ya "m" inafungwa kwenye 49, kichwa kinafika juu kwenye 54. Angeomba fremu 5, kila jozi ya fremu baada ya koma ingelazimika kukaguliwa upya, kwa hiyo mwombe akubali 4 au 6.