Kalemie: Reli ya 1911 ao ya 1917? Tochi ndiyo inajibu

Reli nyingi za zamani zina maandishi ubavuni: jina la kiwanda na mwaka, herufi zikiwa zimeinuka kidogo juu ya chuma. Katika mji wa Kalemie, jimbo la Tanganyika, mwaka huo una uzito wake. Njia ya reli kutoka Kabalo ilifika hapa mwaka 1915, mji ukiitwa bado Albertville. Kipande kilichotengenezwa 1911 kinaweza kuwa cha ujenzi wa kwanza. Cha 1917 kililetwa baadaye, hakuna ubishi.

Shida ni kwamba herufi na chuma vina rangi moja, ile ya kutu. Kinachosomwa ni kivuli tu, na kivuli kinadanganya.

Tuchukue kipande cha reli kilichoondolewa njiani na kulazwa uani. Tochi ikimulika kutoka mkono wa kushoto, mwanga unapita sambamba na mstari wa juu wa 7. Mstari huo hautoi kivuli, unapotea, na macho yanaona 1. Tochi ikipelekwa juu ya tarakimu, ikiwa karibu kugusa chuma, mstari unatokea. Kwa hiyo simu inawekwa mahali pamoja bila kusogezwa, na tochi ndiyo inazunguka: picha moja mwanga ukitoka juu, moja kushoto, moja kulia. Flashi ya simu haisaidii, kwa sababu inapiga usoni na kufuta vivuli vyote.

Mwanga ukitoka chini kuna mtego mwingine. Macho yamezoea jua la juu, basi herufi iliyoinuka inaonekana kama imechimbwa. Kidole kinamaliza ubishi huo.

Kama picha hazitoshi, karatasi nyepesi inawekwa juu ya maandishi na kusuguliwa kwa ubavu wa penseli. Herufi zilizoinuka zinatoka nyeusi. Zilizochimbwa zinabaki nyeupe. Brashi laini inatosha kuondoa vumbi. Ile ya waya inakula herufi zenyewe.

Kwa jiwe la kaburi lililolazwa chini, asubuhi mapema na jioni ndizo saa nzuri. Lililosimama linasomeka vizuri jua likiwa utosini.

Kabla ya kutafsiri, maandishi yananakiliwa mstari kwa mstari, na kila herufi yenye shaka inawekewa alama ya kuuliza. Kwenye makaburi ya Kifaransa, NÉ ni mwanamume na NÉE ni mwanamke. E ya mwisho ikiliwa na mvua, Kiswahili kitasema tu « alizaliwa », na hakuna atakayejua kwamba herufi ilipotea.

Na hata 1911 ikisomeka wazi, huo ni mwaka wa kiwanda. Reli inaweza kukaa ghalani miaka kadhaa kabla ya kulazwa njiani.