Bingo ya maneno isiyobahatishwa

Mwambie mwalimu wa darasa la pili aandike harakaharaka maneno 24 ya kuchezea bingo, na huenda orodha yake ikafanana na hii: mama, mtoto, mwalimu, mlango, meza, maji, mkate, mti, mkono, mbuzi, kiti, kitabu, kalamu, kuku, kisu, kijiko, kikombe, baba, nyumba, ndizi, samaki, paka, jua, shule. Hakuna neno baya hapo, na watoto wanayajua yote. Lakini hesabu mianzo yake: kumi yanaanza na m, saba na k, na yaliyobaki saba ndiyo yamegawana herufi nyingine zote. Si uvivu wa mwalimu. Ngeli za m-wa, m-mi na ki-vi zimejaa majina ya watu, miti na vyombo, na ukiongeza vitenzi vinavyoanza na ku-, k inafurika kabisa.

Hasara yake inaonekana mchezo ukianza. Kila mtoto ana kadi ya visanduku tisa, tatu kwa tatu, kila kisanduku na neno lake. Mwalimu anachomoa kikaratasi kwenye kopo, anasoma, na mwenye neno hilo analifunika kwa kizibo cha soda. Akisoma "samaki", na kwenye kadi neno lenye s ni hilo moja tu, mtoto anasikia mwanzo wa sauti, anaiona s, anafunika. Hajasoma kitu. Utalijua hilo kwa kutazama mikono: inatua kwenye kadi kabla mwalimu hajamaliza kutamka. Urefu nao husaliti vilevile, maana "mwalimu" likikaa katikati ya mti, jua na kuku linajitangaza lenyewe.

Wengi wakiambiwa wasawazishe herufi hukimbilia kuweka neno moja kwa kila herufi, a hadi z. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo orodha mbovu kuliko zote, kwa sababu kila neno linatambulika kwa herufi yake ya kwanza. Neno linahitaji ndugu wa kufanana naye. Chagua herufi sita tu, kila moja maneno manne: mawili ya silabi mbili, mawili ya silabi tatu.

B: bata, bega, barua, bakuli.
K: kuku, kiti, kijiko, kikapu.
M: meza, moto, mkate, mlango.
P: paka, pipa, pazia, papai.
S: simu, soko, samaki, sabuni.
T: taa, tembo, tumbili, tikiti.

Pima urefu kwa silabi, si kwa herufi peke yake. Tembo na mkate yote yana herufi tano, lakini te-mbo ni mapigo mawili na m-ka-te ni matatu, na mtoto anayesikiliza huyahesabu mapigo. Jozi bora ni zile zinazolingana kote kuwili, kama kijiko na kikapu: hapo lazima asome mpaka mwisho.

Orodha nzuri bado inaweza kuharibiwa na kadi. Ukijaza visanduku ovyo, s moja itaangukia kadi fulani na kubaki pweke. Kwa hiyo kila kadi ipewe herufi nne tu: moja maneno matatu, na tatu zilizobaki maneno mawili mawili yenye silabi sawa. Jumla tisa. Kwa mfano: kijiko, kikapu, kuku, paka, pipa, samaki, sabuni, taa, tembo. Kwa kanuni hii maneno 24 yanatoa michanganyiko 1,920, kwa hiyo hata darasa la watoto 80 halilazimiki kurudia kadi.

Liko jambo ambalo walimu wa madarasa makubwa hugundua kwa mshtuko. Ukisema mshindi ni anayepata mstari wa maneno matatu, kwenye darasa la watoto 40 mtu atapiga kelele za "Bingo!" karibu na neno la nne au la tano, na maneno karibu ishirini hayatasomwa kabisa. Dai kadi nzima ijae. Hapo mshindi wa kwanza hupatikana karibu na neno la 17 au 18, na sehemu kubwa ya orodha imepita masikioni. Kisha mshindi aondoe vizibo kimoja kimoja huku akisoma kwa sauti. Akikwama, mchezo unaendelea.

Sh, ch, ny na ng' ziache nje ya orodha ya kwanza. Mtoto asiyezizoea akisikia "shati" atatafuta s, na hutajua amekosea neno au sauti. Zikishazoeleka, ondoa mstari mmoja wa s na uweke shati na shoka kando ya simu na soko. Kwa watoto ambao lugha ya nyumbani haitofautishi l na r, jozi kama kula na kura zisubiri zaidi, na zikiingia, mwalimu atamke kila neno mara mbili.