Mkandarasi wa usafi anapoondoka, funguo zinabaki kwa nani?

Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huisha tarehe 30 Juni, na mikataba mingi ya usafi huishia hapo hapo. Kesho yake saa 11 alfajiri, kabla karani wa kwanza hajafika ofisini, watu waliovaa sare ya rangi nyingine wanasimama mlangoni na ndoo zao wakisubiri kufunguliwa. Mlinzi anauliza funguo ziko wapi. Anayejua ni msimamizi wa kampuni ya zamani, na simu yake haipatikani.

Tuchukue mfano wa jengo la ofisi la ghorofa tano. Kampuni ya usafi imefanya kazi humo miaka sita. Ina wafanyakazi kumi na wawili, na siku ilipoanza ilipewa funguo 46 kwa kusaini. Mwenye jengo ameamua kutouhuisha mkataba, na mkataba unataka notisi ya siku 30. Meneja wa jengo anapeleka barua mchana wa tarehe 31 Mei na kuridhika kwamba yumo ndani ya muda.

Kwa mwenye jengo yumo. Kwa wanaodeki, muda huo ni mfupi mno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi notisi isiyopungua siku 28, au amlipe mshahara wa siku hizo badala ya notisi. Kwa hiyo kampuni iliyopata barua tarehe 31 Mei ina siku mbili tu za kukaa kikao, kutafuta kama kuna jengo jingine la kuwapeleka watu wake, na kuwaandikia barua watakaokosa nafasi. Ikichelewa italipa, na kampuni isiyo na fedha mkononi itaanza kuwakwepa wafanyakazi wake. Ndiyo maana meneja mzoefu hupeleka barua siku 60 kabla, hata kama mkataba unamruhusu kungoja. Anajua kwamba mtu anayedai mshahara wake ndiye huyo huyo mwenye ufunguo wa chumba cha mhasibu mfukoni.

Mwezi wa mwisho una dalili zake. Wafanyakazi hodari wanahamishiwa kwenye majengo mengine, na nafasi zao wanashika wageni wasiojua bomba kuu la maji linafungwa wapi. Sabuni ya maji inakuwa nyepesi. Mashine ya kusugulia sakafu inapelekwa kwa fundi na hairudi. Kugombana juu ya haya hakuleti faida. La maana ni kukagua kila wiki pamoja na msimamizi wao, kuandika kilichoonekana, na wote wawili kusaini. Karatasi hizo ndizo zitakazotumika wakati wa kuzungumzia ankara ya mwisho.

Katika ukaguzi huo ndipo pia huulizwa nini ni cha nani. Vishikio vya karatasi na vya sabuni vilivyopigwa skrubu ukutani chooni mara nyingi ni mali ya mkandarasi, na akivitoa anaacha matundu kwenye vigae. Ni nafuu kukubaliana mapema avitoe na kuziba matundu, au mkandarasi mpya avinunue. Chupa za dawa zisizo na lebo ziondoke zote. Dawa ya madoa yenye klorini ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya sumu, na mgeni hana namna ya kujua ni ipi. Kama mkataba ni wa mgahawa wa ofisi badala ya usafi, ongeza mitungi ya gesi na stoo ya chakula, ambayo ihesabiwe jioni ya mwisho baada ya jiko kuzimwa.

Turudi kwenye funguo, maana hapo ndipo fedha huvuja. Katika jengo letu, wiki ya mwisho ya Juni, meneja anaita funguo zote mezani. Haombi kuambiwa idadi. Anataka kila ufunguo uwekwe mbele yake, usomwe namba yake, ulinganishwe na daftari, kisha ujaribiwe kwenye mlango wake. Kujaribu kunaonekana kupoteza muda mpaka ufunguo wa kwanza ukatae kuingia. Ufunguo wenye namba sahihi kwenye kibao lakini usiofungua mlango maana yake vibao vimebadilishana, au halisi umepotea na mtu ameziba pengo.

Zinapatikana 42. Kati ya nne zisizoonekana, tatu ni za stoo na vyoo, na kila mmoja unafungua kitasa kimoja tu. Fundi anabadilisha silinda tatu na shughuli inaisha. Wa nne ni masta, unaofungua milango 32. Silinda za milango hiyo zimetengenezwa ili kila moja ikubali funguo mbili, wake na masta. Masta ukipotea, milango yote 32 iko wazi kwa aliyeuokota. Tuseme silinda moja pamoja na ufundi ni shilingi 25,000: hiyo ni 800,000 kwa ufunguo unaoenea kiganjani. Kanuni nzuri ni kutompa mkandarasi wa usafi masta kabisa. Ukae kwa walinzi ndani ya sanduku, uchukuliwe kwa kusaini mwanzo wa zamu na urudi mwisho wa zamu.

Hata hivyo, funguo kutimia hakumalizi jambo. Kitasa cha kawaida huchongewa ufunguo mwingine barabarani kwa dakika chache, na daftari halitaonyesha nakala hiyo. Kwa chumba cha fedha, chumba cha kompyuta na stoo ya nyaraka, mimi ningebadilisha silinda hata kama funguo zote zimerudi. Vyumba ni vichache na gharama inavumilika. Kadi za mlango zifungwe kwenye mfumo usiku wa tarehe 30, na namba ya siri ya kengele ibadilishwe usiku huo huo.

Kuna shimo moja ambalo wengi hawalioni. Kampuni mpya mara nyingi huajiri baadhi ya wafanyakazi wale wale, kwa sababu wanalijua jengo. Mama wa ghorofa ya tatu anavua sare ya bluu, anavaa ya kijani, na ufunguo unabaki kwenye kanga yake. Hakuna aliyeupokea wala kuukabidhi. Ukipotea Septemba, kila kampuni itasema ulikuwa chini ya mwenzake. Ufunguo wake upite mezani kama mwingine wowote, kisha atie saini upya.

Mama huyo ana haki nyingine ya kuulizia kabla hajabadili sare. Kama mkataba wake haukuwa wa muda maalumu na ameachishwa kwa sababu kazi imekwisha, sheria inampa kiinua mgongo cha angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka kumi. Kwa miaka sita ni siku 42, juu ya likizo anayodai na cheti chake cha utumishi. Deni hilo ni la kampuni inayoondoka.

Inabaki ankara ya Juni. Mwenye jengo ana haki ya kudai gharama ya silinda ikiwa mkataba ulisema hivyo tangu mwanzo, na njia safi ni kuikata kwenye ankara huku hati ya makabidhiano ikionyesha funguo zipi hazikurudi. Asiizuie ankara nzima kwa ajili ya funguo nne, maana mishahara ya watu kumi na wawili iko humo. Kampuni nayo haiwezi kumtwika mfanyakazi mmoja shilingi 800,000 kwa mkupuo: sheria inataka akubali makato hayo kwa maandishi, na yasizidi robo ya mshahara wake.