Kusoma tangazo la waifai ya nyumbani, Kibaha na Kisarawe

Matangazo ya waifai ya nyumbani yanayozunguka kwenye simu za wakazi wa Kibaha na Kisarawe huwa na mistari mitatu: bei ya mwezi, spidi, na muda wa kufungiwa. Tuchukue mfano: "Kifurushi cha mwezi, hadi 20 Mbps, bila kikomo, unafungiwa ndani ya saa 48." Kila neno hapo lina masharti yake, na mteja anapaswa kuyajua kabla hajatoa hela.

Tuanze na spidi. Mbps ni megabiti kwa sekunde, ilhali ukubwa wa faili kwenye simu yako huandikwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo 20 Mbps inakupa megabaiti 2.5 kwa sekunde. Filamu ya gigabaiti 1.5 itashuka kwa dakika kama 10, na picha safi ya televisheni, inayohitaji takribani 5 Mbps, itapita bila kukwama hata watu wawili au watatu wakitazama kwa pamoja.

Neno la kuangalia hapo ni "hadi". Njia moja ya intaneti hugawanywa kwa nyumba nyingi, na usiku watu wote wanaporudi makwao, kila mmoja hupata pungufu. Spidi ikishuka mpaka 6 Mbps, filamu ile ile itachukua zaidi ya nusu saa. Ndiyo maana kipimo cha saa nne asubuhi hakikuambii mengi. Pima kati ya saa mbili na saa nne usiku, ukiwa karibu na ruta, vifaa vingine vikiwa vimezimwa. Ukipata spidi nzuri karibu na ruta lakini chumba cha nyuma kinasuasua, tatizo ni kuta zako. Ikiwa hata karibu na ruta spidi ni ndogo kila usiku, tatizo liko kwa mtoa huduma.

"Bila kikomo" nayo ina lake. Kampuni nyingi huweka kiwango cha matumizi, na ukikivuka hawakukatii, ila wanakupunguzia spidi mpaka mwezi uishe. Tuseme kiwango ni gigabaiti 300. Televisheni moja ya picha safi hula kama gigabaiti 2.25 kwa saa, kwa hiyo ukitazama saa nne kila siku, mwezi unaisha salama. Zikiwa televisheni mbili, utagota siku ya 17.

Sasa muda wa kufungiwa, ambapo ndipo malalamiko mengi huanzia. Kwa faiba, kazi ya nyumbani kwako ni ya saa chache tu: fundi anavuta waya mwembamba kutoka kwenye boksi la kugawia lililo juu ya nguzo, anauunga, anafunga kifaa cha ndani na kupima nguvu ya mwanga. Kinachokula siku ni boksi lenyewe. Nyumba iliyo karibu na Barabara ya Morogoro, pale Maili Moja, ina nafasi nzuri ya kuwa jirani na boksi. Aliyejenga ndani zaidi, ambako nguzo hazijafika, anasubiri kampuni isimamishe nguzo kwanza. Na hata boksi likiwepo, matundu yake huhesabika, mara nyingi 8 au 16, na yakijaa, mteja mpya anangoja jingine.

Kisarawe kuna jambo la ziada, nalo ni vilima. Ruta isiyo na waya, inayotumia mnara wa simu, huwashwa siku hiyo hiyo unapoinunua, lakini nyumba iliyo bondeni, yenye kilima kati yake na mnara, itapata mawimbi hafifu hata kama jirani wa juu anafurahia. Omba uijaribu ndani ya nyumba yako kabla ya kulipia miezi kadhaa.

Baada ya kufungiwa faiba, tazama taa iliyoandikwa LOS kwenye kifaa cha ndani. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: waya umekatika, umekunjwa sana au umechomoka. Kuzima na kuwasha ruta hakutasaidia, mpigie simu fundi.

Kwa watoa huduma, tangazo la haki liandike spidi ya kawaida ya usiku, kiwango cha matumizi na spidi inayobaki baada yake, na liseme wazi kwamba saa 48 ni kwa nyumba iliyo karibu na boksi lenye nafasi. Kwa mteja, muulize wakala maswali matatu: boksi la karibu liko umbali gani, lina tundu wazi, na siku zikipita hela yangu inarudi? Majibu yawe ya maandishi. Usipotekelezewa, lalamika kwanza kwa kampuni, na ikikaa kimya peleka malalamiko TCRA ukiwa na maandishi hayo mkononi.