Sabini kwa Sabini: Kupima Shamba kwa Simu na Kalamu

Ukienda kutafuta shamba Mkuranga, mkoani Pwani, utatajiwa kipimo kabla hujaoneshwa hata mpaka: "Heka nzima hiyo, bosi, sabini kwa sabini." Maana yake hatua 70 upande huu na hatua 70 upande ule. Kipimo hicho kina asili yake. Ekari ni yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900, kwa hiyo anayepiga hatua ya yadi nzima, yaani sentimita 91, anapata ekari na chenji kidogo. Kasoro ni kwamba hatua ya sentimita 91 ni ndefu, na mtu anayepita kwenye majani na visiki vya mikorosho ni nadra kuifikisha mara 70 mfululizo. Tena mashamba mengi hayana pande nne zilizonyooka. Yana pembe tano au sita, na mpaka mmoja umepinda kufuata njia ya ng'ombe.

Simu yenye GPS pamoja na hesabu ya darasa la tano vinatosha kumjibu dalali. Hesabu yenyewe huitwa njia ya kamba za kiatu, kwa sababu namba hupangwa safu mbili na kuzidishwa kwa kukingamana, kama kamba zinavyopita kwenye matundu. Mjerumani Meister aliieleza mwaka 1769, na wapima ardhi wameitumia tangu zamani.

Tuchukue shamba la mfano lenye pembe tano. Unazunguka mpaka kwa kufuata upande mmoja bila kurudi nyuma. Kila pembe unasimama, unasubiri namba zitulie, kisha unaandika latitudo na longitudo mpaka tarakimu ya tano baada ya nukta. Tarakimu hiyo ya tano ni kama mita 1.1 ardhini. Ukiishia ya nne, kila hatua ya namba ni mita 11, na hapo hupimi tena, unakisia. Baadhi ya simu zina programu ya dira inayoonyesha nyuzi, dakika na sekunde nzima. Sekunde moja ni karibu mita 31, kwa hiyo usiitumie kwa kazi hii.

```
Pembe   Latitudo    Longitudo
A       -7.12306    39.20504
B       -7.12302    39.20558
C       -7.12330    39.20563
D       -7.12357    39.20555
E       -7.12352    39.20508
```

Alama ya kutoa inasema tu kwamba tuko kusini mwa ikweta. Iache: umbo litageuka kama kwenye kioo, lakini eneo halibadiliki. Kisha tazama, namba zote za latitudo zinaanza na 7.123, na zote za longitudo zinaanza na 39.205. Sehemu hiyo inakuambia tu kwamba uko Mkuranga, haihusiani na ukubwa wa shamba. Ikate, ubaki na tarakimu mbili za mwisho. Angalizo: kama pembe moja ni 7.12398 na ya pili ni 7.12405, kata kidogo zaidi, ubaki na 398 na 405. Ukichukua 98 na 05 umeharibu kila kitu.

Sasa zidisha longitudo ya kila pembe kwa latitudo ya pembe inayofuata, na ukimaliza E urudi A. A na B: 4 mara 2 ni 8. B na C: 58 mara 30 ni 1,740. Zinazofuata ni 3,591, kisha 2,860, kisha 48. Jumla 8,247. Halafu kinyume chake, latitudo ya kila pembe kwa longitudo ya inayofuata: 348, 126, 1,650, 456 na 208. Jumla 2,788. Toa ndogo kwenye kubwa, unapata 5,459. Gawa kwa mbili: 2,729.5.

Kwa nini inakubali? Kila upande wa mpaka, ukiunganishwa na nukta ya sifuri, unafanya pembetatu, na kule kukingamanisha hutoa eneo la pembetatu hiyo mara mbili. Pande za mbali na sifuri zinaongeza, pande za karibu zinapunguza, na kinachosalia ni kile tu kilichozungukwa. Ndiyo maana tunagawa kwa mbili mwishoni.

Hiyo 2,729.5 bado si mita za mraba. Ni vijimraba ambavyo kila kimoja kina ukubwa wa karibu mita 1.1 kwa mita 1.1, na ukanda wa Dar es Salaam na Pwani kila kimoja ni mita za mraba 1.22. Nairobi, Mombasa na Kampala tumia 1.23, Songea 1.21. Kadiri unavyoondoka kwenye ikweta ndivyo mistari ya longitudo inavyokaribiana, kwa hiyo ndugu zetu wa Maskati watatumia 1.13. Kwa shamba letu, 2,729.5 mara 1.22 ni mita za mraba 3,330.

Ekari ni mita za mraba 4,047. Shamba la dalali ni ekari 0.82, pungufu ya mita za mraba zaidi ya 700. Huenda hakuna aliyekusudia kuiba. Hatua 70 za sentimita 82 kila moja, hatua ya mtu wa kawaida, zinatoa eneo hilohilo karibu kabisa.

Kabla hujaanza kubishana, jiulize simu yako inakosea kiasi gani. Penye anga wazi simu hukosea kama mita 5, chini ya mikorosho au kando ya ukuta huzidi. Chukua pembe A peke yake: majirani zake, B na E, wameachana kwa mita 78. A ikisogea mita 5 kwenda nje, eneo linaongezeka kwa nusu ya 5 mara 78, yaani mita za mraba 195. Pembe nyingine nazo zina makosa yake, mengine ya kuongeza na mengine ya kupunguza, kwa hiyo kwa shamba hili tarajia mkengeuko wa mita za mraba 250 hivi, wakati mwingine zaidi. Upungufu wa 700 unapita hapo kwa mbali. Ungekuwa 150, nyamaza kwanza.

Makosa mengi ya GPS husogeza pembe zote pamoja kuelekea upande mmoja, na hayo hayagusi eneo hata kidogo. Kwa hiyo pima pembe zote kwa mzunguko mmoja na simu ileile; usichukue mbili leo na tatu Jumapili. Kisha zunguka mara ya pili. Majibu mawili yakiachana kwa mita za mraba 400, tafuta pembe iliyo kivulini.

Kosa la kalamu ni baya kuliko la satelaiti. Ukiandika D kabla ya C, mistari ya mpaka inakatana, na shamba lilelile linatoa mita za mraba 2,313. Zaidi ya elfu moja zimepotea na hesabu haikulalamika. Chora nukta zako kwenye karatasi ya miraba kwanza. Mistari ikikatana utaiona.

Kwa kiwanja cha mjini cha mita 20 kwa 20, njia hii haifai. Simu ileile itakosea mita za mraba 80 au 90 kati ya 400, na hapo mpaka wa jirani unaweza kuingia sebuleni kwako. Chukua tepu ya mita 50, pima pande zote na ulalo mmoja, na kama kuna bikoni, mwite mpima ardhi, kwa sababu namba za simu hazihamishi bikoni.