Oda kutoka Lwiro: kichwa cha barua pepe na sentensi yake ya kwanza

Lwiro iko zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa Bukavu, na kituo chake cha utafiti, kilichozaliwa kutokana na taasisi ya IRSAC ya mwaka 1947 na leo kinaitwa CRSN, hakina duka la kemikali mlangoni. Maabara ikikosa etanoli, lazima imwandikie muuzaji wa mjini. Muuzaji huyo anasoma barua zake kwenye simu, amesimama ghalani, na anachokiona kabla ya kufungua ni vitu viwili tu: maneno machache ya kichwa (pale palipoandikwa `Objet` au `Subject`) na mwanzo wa sentensi ya kwanza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Barua ina kichwa `Maombi`, nayo inaanza hivi: «Mheshimiwa, kwanza kabisa tunakusalimu wewe pamoja na familia yako, tukitumaini mnaendelea vema na kazi…» Etanoli inatajwa katika mstari wa tisa. Hakuna kosa la sarufi hapo, na salamu ni haki ya mtu. Tatizo ni kwamba simu imeonyesha salamu peke yake, na barua hiyo inafanana na nyingine kumi za siku ile. Salamu fupi inatosha mwanzoni. Za familia zinaweza kukaa mwishoni, zikasomwa kwa utulivu.

Jambo zito zaidi ni kitenzi. Waandishi wengi huandika «tunahitaji lita 20 za etanoli». Muuzaji afanye nini? Atume proforma, au apakie madumu? «Tunahitaji» hueleza hali yetu tu, haimwambii yeye kitu. «Tungependa kuagiza» nayo ni adabu inayoacha mlango wazi: je, wameshaamua? Lakini «tunaagiza» ni kitenzi kinachotimiza tendo lake pale pale kinapoandikwa, kama «naapa». Kwa hiyo ni vizuri neno la kwanza la kichwa litaje hatua: BEI tunapouliza bei, ODA tunapoagiza. Kisha namba, kitu, kiasi, mahali na siku:

```
ODA 017: etanoli 96%, lita 20, Lwiro, kabla ya 14 Machi
```

Na sentensi ya kwanza irudie hayo kwa ukamilifu:

```
Bwana, jambo. Tunaagiza lita 20 za etanoli 96%, kwa bei ya
proforma yenu 032, zifike Lwiro kabla ya Ijumaa 14 Machi.
```

Asilimia si pambo. Etanoli ya 96% huongezwa maji ikawa 70% ya kuhifadhia wadudu, lakini ile ya 70% haigeuzwi kirahisi kuwa 96%, ambayo hutakiwa pale sampuli itakapochunguzwa DNA. Mwezi nao uandikwe kwa jina, maana 03/04 kwetu ni tarehe tatu Aprili, na kwa Mmarekani ni tarehe nne Machi. Jina la siku linasaidia: Ijumaa isipolingana na tarehe, msomaji anashtuka na kuuliza. Neno «HARAKA» mimi ningeliacha, kwa sababu kila mtu analitumia na halitaji siku yoyote.

Namba ya oda iandikwe kwa namna ileile kila mara. Gmail hutafuta maneno mazima, si vipande vyake; aliyeandika 17 leo na 017 kesho atapata nusu ya barua zake anapotafuta hivi:

```
subject:(oda 017)
```

Kuna pia tabia ya kufungua barua ya mwaka jana, kubonyeza kitufe cha kujibu, na kuandika oda mpya humo. Anwani inapatikana bila kutafutwa, kweli, lakini oda mpya inajificha chini ya mazungumzo ya zamani yenye kichwa cha zamani, na muuzaji anadhani ni jambo lililokwisha. Oda mpya iwe barua mpya. Kinyume chake, oda ikiwa bado njiani, kichwa kisiguswe, kwa maana Gmail hukata mazungumzo kichwa kinapobadilika, na proforma hubaki upande mmoja, majibu upande mwingine.

Jibu lisipofika, ufuatilie ndani ya mazungumzo yaleyale. «Tunawakumbusha barua yetu» hupokewa kwa «tumeiona», na etanoli haijasogea. Uliza swali ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana: «Je, lita 20 za oda 017 zimeshaondoka Bukavu?» Na mtandao ukikatika kabisa, piga simu na umsomee muuzaji kichwa kile kama kilivyo, ataandika namba 017 kwenye daftari lake, na barua itakapoingia baadaye ataitambua kuwa ni oda ileile, asipakie lita 40.