Gunia la Kitunguu Mbele ya Wenye Mitaji

Tuseme binti wa Ruaha Mbuyuni, kijiji cha vitunguu kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa, amepewa dakika kumi mbele ya watu wanane mjini Iringa. Ndani ya chumba wamo wenye malori, mwenye duka la pembejeo, mstaafu aliyepokea kiinua mgongo chake, na viongozi wawili wa chama cha akiba na mikopo. Binti ana programu ya simu inayomwambia mkulima bei ya mazao sokoni, na anataka wamtie mtaji.

Wengi wakipata nafasi kama hiyo huanza na teknolojia. Wanaonyesha picha za simu na rangi za programu, kisha wanasema wakulima wa Tanzania ni mamilioni. Wenye malori wanapiga miayo, kwa sababu wao wamenunua kitunguu shambani miaka ishirini na wanajua kwamba mkulima wa leo ana simu na ana shemeji Dar es Salaam. Akitaka bei ya Ilala anapiga simu, anaambiwa. Sasa programu inamwongezea nini?

Hilo ndilo swali la kwanza, na hotuba nzima inasimama juu ya jibu lake. Ningemshauri binti aanze na gunia moja.

"Shikamooni wazee wangu. Wiki iliyopita nilipima gunia la kitunguu lililonunuliwa kwetu kwa shilingi 60,000. Mnunuzi aliliita gunia la kilo 100. Mizani ilisoma kilo 125."

Hiyo ni lumbesa, na kila aliyemo chumbani anaijua. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezewa kilemba juu na kufungwa kwa kamba. Sheria ya Vipimo inakataza, Wakala wa Vipimo hukamata, na bado lumbesa inapakiwa. Bei hizi ni za mfano, nimezichagua ziwe rahisi kuhesabu, lakini hesabu yenyewe ndiyo inayofanyika shambani. Mkulima alidhani ameuza kilo kwa shilingi 600. Gawa 60,000 kwa 125: ameuza kwa shilingi 480. Kilo 25 zimeondoka bure, na kwa bei aliyodhani anauza ni shilingi 15,000 kwa gunia moja. Angekuwa na programu inayosema "gunia leo ni 60,000", angeitazama, akaridhika, na kupoteza zile zile 15,000.

Hapa ndipo wenye malori wanapoacha kupiga miayo. Tatizo halikuwa mkulima kutoijua bei. Tatizo ni kwamba bei anayoambiwa haina kipimo, na ni bei ya mahali asipouzia.

Kipimo tumekiona. Kuhusu mahali, tuseme kilo moja ya kitunguu inauzwa kwa jumla Dar es Salaam shilingi 1,000. Mkulima akiisikia bei hiyo huku yeye amelipwa 480, anasema ameibiwa nusu. Hajaibiwa nusu. Kitunguu hicho kimelipiwa usafiri, tuseme shilingi 90 kwa kilo, gunia na kufunga 25, kupakia na kushusha 30, ushuru 30, dalali wa sokoni 50, na kwa kuwa kitunguu hukauka njiani na kingine huoza, weka 80. Jumla ni 305. Toa kwenye 1,000, zinabaki 695. Kwa hiyo bei ya Dar ikirudishwa shambani ni 695, na chochote kilicho kati ya hapo na 480 ndicho cha kujadiliana. Mfanyabiashara naye lazima apate kitu humo, maana fedha iliyozungushwa ni yake na lori likilala njiani hasara ni yake.

Programu inayostahili kutiwa mtaji ni ile inayompa mkulima namba hiyo ya 695, kwa kilo, na kumwonyesha jinsi ilivyopatikana. Kumtupia mkulima bei ya Ilala peke yake ni kumpa ugomvi na mnunuzi wake, si fedha.

Sasa mstaafu aliyekaa nyuma anauliza: je, mtu akiijua bei hulipwa zaidi kweli? Binti anapaswa kuwa na jibu la kweli hata kama linamuuma. Utafiti wa Robert Jensen uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia wavuvi wa Kerala, India, simu za mkononi zilipofika pwani yao. Faida yao ilipanda kwa asilimia 8 hivi, bei kwa mlaji ikashuka kidogo, na samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi wakawa hawatupwi tena. Lakini mwaka 2012 Marcel Fafchamps na Bart Minten walichapisha matokeo ya vijiji 100 vya jimbo la Maharashtra, ambako wakulima walitumiwa bei za masoko kwa ujumbe mfupi. Kwa wastani hawakuona ongezeko la maana la bei waliyolipwa.

Nchi ni moja, na kifaa ni simu ile ile. Mimi naona tofauti iko miguuni mwa muuzaji, au tuseme kwenye mashua yake. Mvuvi akisikia bandari ya jirani inalipa vizuri anageuza usukani. Mkulima wa kitunguu ana mzigo shambani, hana lori, na mara nyingi mbolea ya msimu alikopeshwa na yule yule anayekuja kununua. Aliyekopeshwa namna hiyo ameshauza kabla ya kuvuna, hata ukimwonyesha bei kumi.

Ndiyo maana sehemu ya watumiaji haiwezi kusema "wakulima wote". Binti mwenye busara atawapunguza mbele ya wasikilizaji wake mpaka wabaki wale anaoweza kuwasaidia kweli. "Namtafuta mkulima wa eka moja hadi tatu ambaye hajachukua mkopo wa dalali, na ana kichanja cha kukaushia kitunguu." Kichanja si pambo. Kitunguu kilichokauka shingo vizuri kinaweza kusubiri wiki kadhaa, kwa hiyo mwenyewe anaweza kusema "hapana, njoo kesho". Nyanya haisubiri, na ingekuwa kosa kuanza nayo.

Mtumiaji huyo mara nyingi ana simu ya vitufe. Programu ya kupakuliwa kwenye simu janja itamwacha nje, hivyo lazima iwepo njia ya kubonyeza nyota na reli kama anavyofanya akituma fedha, na majibu yawe ya mistari mitatu. Namba ya huduma hiyo huombwa kwa utaratibu wa TCRA, na jambo hilo liingizwe kwenye muda wa mpango, lisije likaonekana ghafla mwezi wa tano. Vilevile namba za simu za wakulima ni taarifa binafsi, na tangu mwaka 2022 kuna sheria inayozilinda. Haziuzwi kwa muuza mbegu.

Mtumiaji wa pili ni mfanyabiashara, na huyu ndiye atakayelipa. Mkulima hatalipia bei kila siku, na sioni sababu ya kumlazimisha. Mnunuzi wa Dar anapoteza siku na mafuta akizunguka vijiji kutafuta mzigo wa kujaza lori. Akiambiwa kwamba kijiji fulani kina magunia 80 yaliyokauka, yamepimwa, yako tayari, atalipa. Hatari iko hapo hapo: anayelipa atataka bei ishushwe kidogo kwenye simu za wakulima. Hotuba iseme wazi kwamba mfanyabiashara ananunua taarifa za mzigo, wala hana mkono kwenye bei, na wawekezaji waruhusiwe kukagua hilo wakati wowote.

Kiongozi wa chama cha akiba atauliza kuhusu serikali, maana kuna stakabadhi ghalani na kuna Soko la Bidhaa, TMX. Jibu ni fupi: mifumo hiyo inafaa mazao yanayokaa ghalani, kama korosho, ufuta na mbaazi. Kitunguu hakimo kwenye safari hiyo.

Unabaki mpango, na hapa ndipo hotuba nyingi hulegea. Swali la kuulizwa ni hili: bei ya kesho asubuhi itaandikwa na nani? Malori huingia masoko ya jumla usiku, na biashara huchangamka kabla ya jua. Bei ya saa kumi alfajiri si bei ya saa sita mchana, wakati mabaki yanatafutiwa mnunuzi. Lazima awepo mtu sokoni, mwenye mizani, anayeuliza wauzaji watatu waliokwisha kuuza, si wanaotangaza bei, kisha anachukua bei ya katikati. Akiandika namba ile ile siku nne mfululizo wakati malori yameongezeka, huyo yuko nyumbani amelala. Njia ya kumkamata ni kuwapigia wakulima kumi kila wiki na kuwauliza walilipwa kiasi gani, kwa kilo ngapi. Pengo kati ya walicholipwa na bei ya kwenye simu ndilo kipimo cha kazi nzima.

Gharama za mfano zingekwenda hivi. Wakusanya bei wanne kwa shilingi 150,000 kila mmoja ni 600,000 kwa mwezi. Namba ya huduma na ujumbe, 500,000. Fundi wa programu na msimamizi, 900,000. Simu na nauli, 200,000. Jumla ni 2,200,000 kwa mwezi, sawa na 13,200,000 kwa miezi sita. Ongeza mizani kumi za kuning'iniza za vijijini kwa 1,500,000, na akiba ya dharura 1,300,000. Binti anaomba shilingi milioni 16. Mfanyabiashara akilipa 20,000 kwa mwezi, wanahitajika 110 ili kampuni ijilipie. Atasema amezungumza na wangapi, na wangapi wametoa fedha ya mwezi wa kwanza, hata kama ni tisa.

Akitoa hisa 20 kati ya 100 kwa milioni 16, ajue amesema kampuni yake ina thamani ya milioni 80. Mwenye malori atauliza milioni 80 ziko wapi wakati mapato ni ya watu tisa. Kwa hatua hii mimi ningependelea mkopo unaolipwa kwa sehemu ya mapato: mwezi mzuri unalipa zaidi, mwezi wa mvua unalipa kidogo, na hakuna anayelazimika kubuni thamani. Watu wa mjini mmoja, watakaokutana tena msibani na harusini, wanauelewa mkataba wa namna hiyo upesi.

Mwisho wa dakika kumi binti aseme lini ataacha. Ikiwa baada ya msimu mmoja wakulima wanaotumia huduma hawajalipwa zaidi kwa kilo kuliko majirani zao wasioitumia, fedha iliyobaki irudi kwa waliotoa.

Nawe unayeandaa hotuba kama hii, azima mizani, panda gari uende kijijini siku ya kupakia, upime magunia kumi mbele ya wenyewe na uandike kila namba. Hotuba yako ianze na namba hizo.